Kitendawili na Methali katika Maktaba ya Watoto Wakati wa Likizo

Katika mji kama Kagongwa, wilayani Kahama, likizo ya Juni huwakuta watoto wengi kazini. Wako wanaochunga ng'ombe, wako wanaoanika mpunga, na wako wanaowasaidia wazazi wao sokoni na penye mashine za kukobolea. Mtoto wa namna hii hapati nafasi ya kukaa maktabani mchana kutwa, lakini kitendawili kimoja aweza kukichukua kichwani na kwenda nacho machungani. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika ubaoni, mlangoni pa maktaba, kitendawili kimoja na methali moja kila juma. Makala haya yaeleza jinsi ya kuvichagua, maana si kila kitendawili humpeleka mtoto kitabuni.

Tuanze na kile kijulikanacho na wote: "Nyumba yangu haina mlango." Hata mtoto wa miaka mitano atajibu kwamba ni yai, akaenda zake bila kufunua ukurasa. Kitendawili cha namna hiyo chafaa siku ya kwanza tu, kwa kuwachangamsha. Baada ya hapo yafaa kutega kile chenye majibu zaidi ya moja. Tukisema, "Nyumba yangu kubwa, nguzo yake moja," mmoja atajibu uyoga, mwingine mwavuli. Jibu lililozoeleka ni uyoga, lakini mwavuli nao una nguzo moja. Mtunza maktaba akimkatalia huyu wa pili, amefunga mlango aliokuwa akitaka kuufungua. Heri awape wote wawili kitabu chenye habari za mimea, wasome uyoga huotaje, kisha kila mmoja atetee jibu lake mbele ya wenzake.

Mchezo wenyewe una desturi ifaayo sana katika kazi hii. Mtegaji husema, "Kitendawili!" naye mtegwaji huitika, "Tega!" Akishindwa, mtegaji humwambia, "Nipe mji." Hapo mtegwaji hutaja mji, na mtegaji, akiisha kuupokea, husimulia alivyokwenda huko na mambo aliyoyaona, ndipo hutoa jibu. Maktabani mji huo na utolewe kwa ramani. Mtoto aliyeshindwa atafute katika atlasi mji asiopata kuufika, alisome jina lake kwa sauti, aonyeshe na njia ya kutoka Kahama kwenda huko. Kwa hiyo hata aliyeshindwa amesoma, wala hakuaibishwa.

Kwa upande wa methali, njia nyepesi ni kuandika nusu yake na kuuacha ubao wazi. "Haba na haba..." Wengi wataimalizia: "hujaza kibaba." Lakini kibaba ni nini? Watoto wa Kagongwa wanajua debe, gunia na kilo. Kibaba hawakioni sokoni. Basi swali la juma ni hilo, na jibu limo katika kamusi. Mtoto akifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyochapishwa kwanza mwaka 1981, atajifunza kutafuta neno kwa mpangilio wa herufi, na atakuta kwamba kibaba ni kipimo cha nafaka. Aendelee kutafuta pishi, naye atajua kuwa vibaba vinne hufanya pishi moja. Hapo methali haiwi tena maneno ya kukariri, kwa kuwa mchele anaujua vema.

Hatari iko katika methali za pwani. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," ni maneno ya mabaharia: tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni sehemu ya chini ndani yake. Mtoto aliye mbali na bahari hana picha ya mambo hayo. Ikiandikwa peke yake, ataikariri tu. Lakini ikiwekwa kando yake picha ya jahazi na kitabu chenye habari za vyombo, itakuwa sababu njema ya kusoma. Kwa hiyo isitangulie. Ingojee juma la tatu, watoto wakiisha kuzoea kutafuta.

Mwisho, yapasa kujua kama mtoto amesoma au ameambiwa. Watoto sita wakija na jibu moja kwa maneno yale yale, jibu hilo limetembea njiani. Wasikemewe, waulizwe tu, "Umelisoma wapi?" Aliyesoma atakwenda rafuni na kufunua ukurasa. Aliyeambiwa atasitasita, na hapo apewe kitabu aanze. Jibu lisiandikwe ubaoni mpaka juma lipite, kwa maana likiisha kuonekana mlangoni, hakuna atakayeingia ndani kulitafuta.