Usimlaze Mama kwa Kidonge

Karibu kila binti anayejiandaa kumsindikiza mama yake uwanja wa Julius Nyerere, aende kuhamia kwa watoto Marekani, huniuliza: "Daktari, nimpe kidonge gani alale mpaka afike?" Wengi huwa wameshanunua Piriton, au wamepewa Valiamu na jirani. Jibu langu ni hapana, na leo naeleza kwa nini.

Najua unachokiogopa. Mama hajawahi kupanda ndege, analia tangu jana, na wewe hutakuwepo. Lakini mchukue mama wa miaka 72 mwenye presha. Dar hadi Doha ni kama saa sita, Doha hadi Washington kama kumi na nne. Ukimlaza kwa dawa, miguu inaning'inia bila kutikisika na damu inatuama kwenye mishipa ya vigimbi. Hapo ndipo donge la damu huweza kuanza, na likisafiri hadi mapafuni linaua. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba kukaa safarini zaidi ya saa nne huongeza hatari hiyo takriban mara mbili. Hatari yenyewe ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000, lakini kwa nini umwongezee mama?

Piriton nayo kwa mzee si dawa ya mzaha. Hukausha kinywa, huzuia mkojo, na huweza kumchanganya akili. Mama anaamka Doha hajui aliko, na anatakiwa kutafuta mlango wa ndege ya pili. Valiamu hukaa mwilini mwa mzee kwa siku kadhaa, ikimlegeza na kumwangusha. Tena hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi kama ya mlimani, hadi mita 2,400, na Valiamu inaweza kupunguza kasi ya kupumua. Wanaoniambia "shangazi alimeza akafika salama" wananichosha. Shangazi alibahatika.

Fanya haya. Omba kiti cha magurudumu kwa shirika la ndege angalau saa 48 kabla. Mchagulie kiti cha kando ya njia. Dawa zake zote ziwe begi la mkononi, kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Insulini isiende kwenye mzigo, huko inaweza kuganda. Anywe maji, akunje na kukunjua vifundo vya miguu, asimame kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho. Kama aliwahi kupata donge la damu au amefanyiwa upasuaji karibuni, aonwe na daktari kwanza. Mfundishe mazoezi hayo nyumbani, maana asiye na tiketi havuki ukaguzi.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akibanwa pumzi, hata wiki tatu baada ya kufika, ndugu yako ampeleke hospitali siku hiyo hiyo na aseme kwamba mama alitoka safari ndefu ya ndege.