Mfumuko umeshuka, mbona kikapu hakishuki?

Mwishoni mwa Oktoba 2024, takwimu rasmi za Kenya zilionyesha kwamba mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 2.7. Oktoba ya mwaka uliotangulia ulikuwa asilimia 6.9, na ile ya 2022 ulikuwa umefika 9.6. Kwa mwandishi wa habari za uchumi, kazi hapo inaonekana kuwa nyepesi: mfumuko umeshuka, basi. Msomaji anayeipata habari hiyo akiwa kwenye matatu anaelewa jambo moja tu, kwamba bei zimeshuka. Jioni anapita sokoni, anauliza bei za vitu, anarudi nyumbani akiamini kuwa amedanganywa.

Gazeti halikudanganya. Lilisahau tu kumwambia kwamba mfumuko haupimi bei ilivyo, unapima kasi inayopanda nayo katika miezi 12. Sentensi hiyo peke yake, hata hivyo, humpita msomaji kama upepo. Linalomkaa kichwani ni kikapu.

Tuchukue kikapu cha mahitaji ya nyumbani kilichogharimu shilingi 1,000 Oktoba 2021. Kwa mfumuko wa asilimia 9.6, Oktoba 2022 kikapu hicho hicho kinataka shilingi 1,096. Mwaka unaofuata asilimia 6.9 haihesabiwi tena juu ya 1,000, bali juu ya 1,096, na kikapu kinafika karibu shilingi 1,172. Oktoba 2024 inaongeza asilimia 2.7 nyingine: tuko kwenye shilingi 1,203. Mfumuko umeshuka miaka miwili mfululizo, na kikapu kimepanda miaka yote mitatu. Ili kirudi kwenye 1,000, mfumuko ungelazimika kwenda chini ya sifuri na kukaa huko muda wa kutosha, jambo ambalo ni nadra.

Hesabu hiyo inaingia katika mistari minne ya gazeti. Ina nguvu kuliko aya nzima ya maelezo ya mtaalamu, na inashangaza kwamba haichapishwi mara nyingi zaidi.

Kuna mtego mwingine katika tarakimu hizo hizo. Kutoka 6.9 hadi 2.7, mfumuko umepungua kwa kiasi gani? Anayetoa moja kwa moja anapata 4.2, na hizo huitwa pointi za asilimia. Anayegawa 4.2 kwa 6.9 anapata takriban 61, na anaweza kuandika, bila kosa la hesabu, kwamba mfumuko umeporomoka kwa asilimia 61. Mwanasiasa anayetafuta makofi atachagua ya pili. Mwandishi mwangalifu huandika tu “kutoka 6.9 hadi 2.7”, akamwachia msomaji aone mwenyewe.

Kisha kuna swali la kikapu ni cha nani. Watakwimu hawapimi bei za nyumba yako; wanakusanya bei za bidhaa na huduma nyingi, kisha kila kundi linapewa uzito kulingana na matumizi ya wastani ya kaya. Nchini Kenya, vyakula na vinywaji visivyo na kileo vimepewa karibu theluthi ya uzito wote. Familia ya kibarua ambayo katika kila shilingi 100 inatumia 60 kwa chakula haiishi ndani ya wastani huo. Nyanya na vitunguu vikipanda, yenyewe inaumia karibu mara mbili ya inavyoonekana kwenye takwimu. Unga ukishuka, nayo inapumua zaidi. Kwa hiyo ripoti nzuri haitosheki na namba ya jumla. Inafungua jedwali la makundi, inatazama chakula, nauli, kodi ya nyumba na mafuta kila kimoja peke yake, na inasema bei zilikusanywa mwezi gani.

Bajeti ina ugonjwa wake: trilioni. Serikali ya Tanzania ilipanga kutumia shilingi trilioni 49.35 katika mwaka wa fedha 2024/25, na hakuna mtu anayeweza kuiona namba hiyo kichwani. Igawe kwa watu milioni 61.7 waliohesabiwa katika sensa ya 2022, unapata takriban shilingi 800,000 kwa kila mtu kwa mwaka, yaani kama 2,200 kwa siku. Hapo msomaji ameshika kitu. Lakini mwandishi asiishie hapo, maana 2,200 hiyo si ya shule na zahanati pekee. Inalipa pia mishahara na madeni. Tena ni mpango. Fedha zilizotengwa Juni na fedha zilizofika wilayani ni hesabu mbili tofauti, na hiyo ya pili hutafutwa miezi mingi baadaye, katika taarifa za utekelezaji na ripoti za ukaguzi, wakati kamera zilizokuwa bungeni siku ya hotuba zimeshahamia kwingine.