Ekari ya mahindi Talatala: gunia la ngapi linarudisha gharama?

Njia iliyozoeleka ya kujua kama ekari ya mahindi italipa ni kujumlisha ulichotumia shambani, kisha kugawanya kwa bei ya gunia sokoni. Njia hiyo inapotosha, tena kwa upande mmoja tu: inamwonesha mkulima kwamba amesharudisha fedha yake wakati bado anadaiwa. Hapa Talatala, kwenye bonde la Kyela ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka na mpunga ndio unaopanga thamani ya shamba, kosa hilo linagharimu sana.

Tuchukue ekari moja ya kukodi. Bei nitakazotumia ni za mfano. Kila mmoja aweke zake. Kukodi shamba shilingi 80,000, kulima kwa ng'ombe 60,000, mbegu chotara kilo 10 kwa 70,000, vibarua wa kupanda 30,000. Mfuko mmoja wa DAP wa kupandia na mmoja wa urea wa kukuzia, kwa bei ya ruzuku inayotolewa tangu msimu wa 2022/2023 kwa wakulima waliojisajili, tuseme 145,000 kwa pamoja, na kuiweka mbolea hiyo 20,000. Palizi mbili 80,000. Dawa ya viwavijeshi na kazi ya kupuliza 35,000. Jumla 520,000.

Fedha hiyo inatoka mfukoni, shamba litoe gunia 20 au lisitoe hata moja. Kuna fungu la pili la gharama, ambalo huja na gunia lenyewe: kuvuna na kusomba, kupukuchua, kukausha, mfuko, na usafiri hadi sokoni Kyela mjini. Tuseme kila gunia la kilo 100 linakula shilingi 12,000 hadi lifike kwa mnunuzi. Fungu hili huwezi kulijumlisha mwanzoni, kwa sababu hujui utavuna gunia ngapi. Ndiyo maana linakatwa kwenye bei. Gunia likiuzwa 60,000, linaloingia kulipa deni la shamba ni 48,000 tu.

Basi 520,000 ukiigawanya kwa 48,000 unapata gunia 10.8, yaani 11. Ile njia iliyozoeleka, ya kugawanya kwa 60,000, ingekupa 8.7. Tofauti ni gunia mbili na zaidi, nazo ndizo zinazomfanya mtu aliyevuna tisa asherehekee msimu wa hasara.

Angalia pia bei inavyofanya kazi. Mahindi yakishuka hadi 50,000 wakati wa mavuno, kila gunia linabakiza 38,000, na sasa unahitaji karibu gunia 14. Bei imeshuka kwa sehemu moja ya sita, lakini mavuno yanayotakiwa yamepanda kwa zaidi ya robo. Ukiweza kusubiri mpaka 75,000, gunia tisa zinatosha, ila hapo uongeze gharama ya kuhifadhi na zile kilo zinazoliwa na dumuzi.

Bei ya kweli hata hivyo haisemwi na mdomo wa mnunuzi. Inasemwa na mzani. Debe sita zilizojaa vizuri zinakaribia kilo 100. Anayejaza lumbesa ya debe saba na kulipa zile zile 60,000 amekulipa shilingi 51,400 hivi kwa kila debe sita. Ukirudia hesabu, kiwango cha kurudisha gharama kinapanda kutoka gunia 11 hadi zaidi ya 13, na hakuna kilichobadilika shambani. Lumbesa inakatazwa na sheria ya vipimo, lakini ushindani wa kuuza haraka wakati wa mavuno huifanya ipite.

Unyevu nao ni mzani wa pili, na kwetu huku ni mkubwa. Mahindi salama kuhifadhi yana unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yakivunwa mvua haijakata, huweza kuwa na asilimia 20, na kilo 100 za namna hiyo zikikauka zinabaki kilo 92 na nusu. Mtu aliyepima gunia 11 mbichi akajiona amefika, baada ya kuanika ana gunia 10 na kidogo. Hajafika.

Sasa, kwa nini usubiri mpaka ghala lijae ndipo ujue? Mahindi yakishakomaa, pima mita 13 na nusu kwenye mstari mmoja, kama mistari imeachana sentimita 75. Kipande hicho ni sehemu ya 400 ya ekari. Hesabu magunzi yenye punje za kuvunika, halafu zidisha kwa 400. Rudia sehemu tano au sita, ukiingia mabondeni ambako maji yalituama, siyo pembeni mwa njia ambako mahindi yamependeza, kisha chukua wastani. Chuma magunzi kumi bila kuchagua, pukuchua, kausha, pima punje.

Tuseme umepata wastani wa magunzi 32, na kila gunzi linatoa gramu 90 za punje kavu. Hayo ni magunzi 12,800 na kilo 1,152: gunia 11 na nusu, umevuka kidogo. Ukipata 26, unaelekea kwenye gunia tisa na sehemu. Mahindi yaliyopandwa sentimita 75 kwa 30 yanatakiwa kuwa mashina karibu 18,000 kwa ekari, kwa hiyo kipande chako kingepaswa kuwa na mashina 45. Ukikuta 30, tatizo lako lilianzia kwenye uotaji au kwenye maji yaliyosimama juu ya miche, na urea haikuweza kulifidia.

Hesabu ile ile ya kurudisha gharama inaamua mambo katikati ya msimu pia. Mfuko wa pili wa urea, pamoja na kuuweka, ni kama 75,000. Gawanya kwa 48,000: unahitaji zaidi ya gunia moja na nusu za ziada kuulipa. Shamba lenye mashina kamili na lisilotuamisha maji linaweza kuzitoa. Shamba lililojaa maji halitazitoa, kwa sababu nitrojeni inazama chini ya mizizi au inapotea hewani. Bora fedha hiyo ibaki nyumbani.

Wapo watakaosema shamba ni la familia na tunapalilia wenyewe, kwa hiyo hesabu yangu ni kubwa mno. Ni kweli kwamba ukiondoa kodi na vibarua wa kupanda, kupalilia na kuweka mbolea, fedha iliyotoka ni 310,000, na gunia saba zinairudisha. Lakini kati ya gunia saba na 11 mnachokula ni kazi yenu na kodi ambayo jirani angewalipa alime mpunga. Nashauri kuandika namba zote mbili daftarini. Ya kwanza inakuambia kama utaweza kununua mbegu msimu ujao. Ya pili inakuambia kama shamba hilo lilifaa kulimwa mahindi.

Na kama vipimo vyako vimeonesha gunia tisa, usiache shamba. Zile 520,000 zimekwisha kutoka na hazirudi kwa kutokuvuna. Kila gunia utakaloingiza bado linakuachia 48,000, hivyo tisa zinalipa 432,000, na hasara inakuwa 88,000.