Mtoto anatapika na tumbo linauma: si kila mara ni amibe, inaweza kuwa malaria

Katika miji na vijiji vya mashariki ya Kongo, mtoto akianza kutapika na kushika tumbo, nyumbani jibu la kwanza ni karibu lile lile: amekula kitu kibaya, ni amibe, ni minyoo, ama ni maji machafu. Wazazi wanakwenda farmasi, wananunua dawa ya tumbo, wanangoja. Mara nyingine wanapata jibu sawasawa. Lakini mara nyingine tumbo linalia tu, ugonjwa wenyewe uko ndani ya damu. Ni malaria, na ile siku moja ama mbili ya kungoja ndiyo inaweza kumpeleka mtoto pabaya.

Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nijeria. Wengi wanaokufa nayo ni watoto wa chini ya miaka 5. Kwa mtoto mdogo, malaria ya kawaida inaweza kugeuka malaria kali katika muda wa saa 24 tu. Ndiyo sababu kukosea ugonjwa si jambo dogo.

Kwa nini malaria inaumiza tumbo?

Mbu akimuuma mtoto, vijidudu vya malaria havikai kwanza kwenye damu. Vinaingia kwenye ini na kuongezeka humo kwa siku kadhaa, na mtoto hasikii kitu. Kisha vinatoka, vinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu, vinazaana humo na kuzipasua. Kila mara chembe nyingi zinapopasuka pamoja, uchafu unamwagika kwenye damu. Mwili unajibu kwa kupandisha homa, na jibu hilo hilo linasumbua tumbo na kuleta kichefuchefu na kutapika.

Maumivu ya tumbo yana sababu nyingine pia. Chembe zenye vijidudu zinanata kwenye mishipa midogo ya damu, hata ile ya matumbo, na damu haipiti vizuri. Tena bandama, kile kiungo kilicho upande wa kushoto chini ya mbavu, kina kazi ya kuchuja damu. Kikiwa na kazi nyingi kinavimba na kuuma. Mtoto wa miaka 3 ama 4 hajui kueleza hayo yote. Anaweka mkono kwenye kitovu na kusema: « Tumbo! »

Na homa iko wapi? Hapo ndipo wazazi wengi wanadanganyika. Mwanzoni homa ya malaria inapanda na kushuka. Mama akigusa paji la uso asubuhi, mwili unaweza kuwa baridi, na saa chache baadaye ukawa moto. Tena kama mtoto amepewa paracetamoli, homa inashuka na watu wanasahau kama ilikuwapo. Kinachobaki kuonekana ni matapishi.

Mfano: mtoto aliyerudi kutoka Kamanyola

Chukua mfano wa mtoto wa kike wa miaka 4, anayekaa Bukavu. Kwenye konje ya Pasaka alipelekwa Kamanyola, kwa mama mzazi wa baba yake, akakaa huko wiki mbili. Akarudi siku ya Posho mzima kabisa. Siku kumi zikapita.

Siku ya Kazi Pili asubuhi anakataa uji, anashika tumbo, anatapika mara mbili. Mama anakumbuka sombe ya jana: labda ilikuwa imeharibika. Lakini kaka zake wawili walikula sombe ile ile, na wao wanacheza nje. Farmasi ya kando ya barabara inatoa siro ya amibe na dawa ya kuzuia kutapika. Mchana mwili unakuwa moto kidogo, anapewa paracetamoli, anatulia, hata anacheza. Nyumbani wanasema dawa imefanya kazi. Usiku anaanza kutetemeka kwa baridi, anatapika siro yote. Hajaharisha hata mara moja.

Asubuhi jirani anasema apewe lavema ya majani ili tumbo lisafike. Mama mdogo wa mtoto anakataa. Anauliza kitu kimoja: « Huyu si ndiye alitoka Kamanyola juzi? » Wanampeleka kituo cha afya.

Mama mdogo alikuwa na haki kuuliza hivyo. Bukavu iko juu, kwenye mita kama 1.500, na kule juu baridi inapunguza kazi ya mbu na ya kijidudu chenyewe. Kamanyola iko chini, kwenye uwanda wa Ruzizi, penye joto na mashamba ya mpunga yenye maji. Mtoto aliyekulia juu hana kinga nyingi. Na tangu kuumwa na mbu mpaka kuugua, kwa kawaida zinapita siku 7 hadi 14. Kwa hiyo safari ya wiki mbili zilizopita bado inahusika. Hali ni ile ile kwa mtoto wa Butembo anayerudi kutoka uwanda wa Semliki, ama wa milima ya Masisi aliyeshuka Walikale. Lakini malaria haingoji safari: hata Bukavu na Butembo zenyewe wagonjwa wapo.

Kituoni munganga anampima: homa 38,9, uzito kilo 14. Anamchoma kidole, anatia tone la damu kwenye testi ya haraka, ile inayoitwa TDR, na baada ya dakika 15 hadi 20 jibu liko pale: malaria. Mtoto anaweza kunywa, hajapata degedege, ana akili zake, basi anaweza kutibiwa kwa vidonge. Anapewa artemeta-lumefantrini. Kwa uzito wake ni kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku 3, jumla vidonge 6. Siku ya kwanza, kidonge cha pili kinafuata baada ya saa 8.

Kidonge cha kwanza kinakaa dakika kumi, anakitapika. Hapo wazazi wengi wangesema dawa imekataa. Munganga anajua kama dawa iliyotoka kabla ya nusu saa haijaingia mwilini. Anangoja mtoto atulie, anampa kingine kizima, na wanabaki pale pale mpaka ionekane kimekaa. Nyumbani vidonge vinapewa pamoja na maziwa ama uji wenye karanga, juu dawa hii inaingia vizuri ikikutana na mafuta. Siku ya tatu homa imekwisha, na tumbo haliumi tena. Hakuna dawa yoyote ya tumbo iliyohitajika.

Kutofautisha, na mpaka wa kutofautisha

Kuna alama zinazosaidia. Ugonjwa wa tumbo wenyewe, ule wa chakula ama maji, kwa kawaida unaleta kuhara mapema na kwingi, na mara nyingi watu wawili watatu wa nyumba moja wanaugua pamoja. Kipindupindu, kinachojulikana sana Uvira, Fizi na Kalemie, kinaleta kuhara kama maji ya kuoshea mchele, na mara nyingi bila homa. Malaria inaelekea kumshika mtoto mmoja, homa inakuja na kwenda, anatetemeka, kichwa kinauma, anatapika hata kabla ya kula, na kuhara ni kidogo ama hakuna.

Lakini alama hizo haziwezi kumaliza neno. Kuna watoto wenye malaria wanaoharisha, na kuna mtoto anayekuwa na magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja. Kwa macho peke yake, hata munganga wa miaka mingi hawezi kujua kwa hakika. Ndiyo sababu kanuni ni moja: mtoto anayetapika na ambaye amekuwa na homa, hata ile iliyokwisha shuka, apimwe damu siku hiyo hiyo. Kwenye vijiji vilivyo mbali na kituo, reko aliyefundishwa matunzo ya watoto anaweza kufanya TDR na kutoa dawa kwa watoto wa miezi 2 hadi 59.

Testi nayo ina mipaka yake. Ikisema hakuna malaria na homa inaendelea, mtoto arudishwe kesho yake apimwe tena. Na kama alitibiwa malaria wiki mbili tatu zilizopita, TDR inaweza bado kuonyesha malaria hata kama vijidudu vimekwisha kufa. Wazazi wamwambie munganga, ili damu iangaliwe kwa mikroskopi. Tena testi yenye malaria haiondoi kila ugonjwa mwingine: tumbo likiwa gumu kama ubao, matapishi yakiwa ya kijani, ama kukiwa na damu kwenye choo, mtoto apelekwe hospitali.

Dawa za tumbo zinafanya nini?

Dawa ya amibe haiui kijidudu cha malaria. Yenyewe inaweza kuleta kichefuchefu, na mzazi hajui tena kinachomtapisha mtoto ni ugonjwa ama dawa. Dawa ya kuzuia kutapika inanyamazisha alama, malaria inaendelea. Lavema ni mbaya zaidi: inamtoa maji mtoto ambaye amekwisha kupoteza mengi, na majani makali yanaweza kumchoma matumbo.

Kinachosaidia wakati wa kwenda kupima ni kumpa kinywaji kidogo kidogo. Kama ameharisha, pakiti moja ya SRO inachanganywa kwenye litri moja ya maji safi, anapewa kijiko kila dakika moja ama mbili. Akitapika, wangoje dakika kumi, waanze tena polepole. Mtoto wa kunyonya aendelee kunyonya.

Wakati wa kutongoja

Mtoto anayetapika kila kitu, hata maji, hawezi kutibiwa kwa vidonge, kwa kuwa vyote vinatoka. Yeye, na yule asiyeweza kunywa ama kunyonya, aliyepata degedege, anayelala bila kuamka vizuri, mwenye viganja vyeupe ama mkojo mweusi, ana alama za malaria kali. Degedege yake mara nyingi inatoka na malaria iliyofika kwenye ubongo, ama sukari iliyoshuka mwilini kwa kutapika na kutokula. Si uchawi.

Huyo anahitaji sindano ya artesunati hospitalini, kwa saa 24 angalau, kisha vidonge vya siku 3. Kama hospitali iko mbali na mtoto hajafika miaka 6, reko ama kituo kinaweza kumwekea dawa ya artesunati ya kupitia njia ya haja kubwa kabla ya safari. Dawa hiyo inafungua njia tu, haimalizi ugonjwa. Mtoto akionekana amepata nafuu baada yake, safari ya hospitali inabaki pale pale.