Dawa ya Minyoo Husafisha Tumbo, Haisafishi Ua wa Nyumba

Mama humpa mwanawe dawa ya minyoo mwezi wa Juni, na siku chache baadaye anawaona wakitoka na choo kikubwa. Anashukuru. Ikifika Septemba tumbo la mtoto limevimba tena, mtoto anatapika mnyoo, na mama anaamini kwamba dawa aliyouziwa ilikuwa bandia, au kwamba mwanawe ana minyoo sugu. Mara nyingi wala si hivyo. Minyoo wa Juni walikufa, na hawa wa Septemba ni wengine kabisa. Waliingia baada ya dawa, tena wakatokea palepale nyumbani.

Ili kuelewa hilo, inabidi tumfuate mnyoo mmoja, yule mkubwa wa mviringo, mweupe kama nyungunyungu aliyepauka, ambaye wengi huwahi kumwona kwa macho. Mnyoo huyu haongezeki ndani ya tumbo. Jike lake hutaga mayai kiasi cha 200,000 kwa siku, lakini hakuna hata moja linaloanguliwa humo tumboni. Yote hutoka na kinyesi. Kwa hiyo mtoto mwenye minyoo 10 alimeza mayai yasiyopungua 10, kila mnyoo na yai lake, kutoka nje ya mwili wake.

Yai likishatoka haliambukizi mara moja. Linahitaji kukaa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli kwa wiki 2 hadi 4 mpaka kitoto cha mnyoo kiumbike ndani yake. Ndiyo maana kinyesi kibichi kinachotukirihisha si hatari kwa mnyoo huyu kama ulivyo udongo mkavukavu pale nyuma ya migomba, ambapo kinyesi kilishapotea machoni siku nyingi. Hakuna harufu wala alama yoyote, ila mayai yapo, na gamba lake ni gumu kiasi kwamba yanaweza kuishi kwenye udongo kwa miaka.

Mtoto akilimeza yai lililokomaa, kwa kulamba vidole au kula embe lililoanguka bila kuoshwa, huanguliwa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni kinyoo kidogo sana, lava, ambacho hakibaki hapo. Hutoboa ukuta wa utumbo, husafiri na damu kupitia ini hadi kwenye mapafu, hupanda koo, kisha humezwa tena na kurudi tumboni, na huko ndiko hukua. Tangu yai kumezwa hadi jike kuanza kutaga hupita miezi 2 hadi 3. Baada ya hapo mnyoo huweza kuishi mwaka mmoja hadi miwili.

Sasa tuchukue mtoto wa miaka 4 aliyepewa dawa tarehe 1 Juni. Tuseme alikuwa na minyoo 12, na 8 kati yao ni majike. Kila siku alikuwa akiacha nje mayai zaidi ya milioni moja na nusu, kwa sababu anajisaidia kando ya nyumba kama watoto wengi wa umri wake. Dawa inawatoa minyoo wote 12. Lakini mayai ya mwezi wa Mei yako uani, yanakomaa. Tarehe 10 Juni anacheza, anameza matano. Mwishoni mwa Juni anakohoa kikohozi kikavu, pengine kifua kinabana kidogo, na hakuna anayekihusisha na minyoo kwa kuwa dawa ameshapewa. Kati ya Agosti na Septemba minyoo wapya wamekomaa na wameanza kutaga. Kama dozi nyingine ni Desemba, ua huo utapokea mayai kwa karibu miezi mitatu mfululizo kabla minyoo hao hawajaguswa.

Hilo si jambo la kubuni. Huko Pemba, katika miaka ya 1990, wanafunzi wa shule za msingi walipimwa na karibu wote wakakutwa na minyoo. Walipewa dozi moja ya dawa, na baada ya miezi 6 wingi wa minyoo ulikuwa umerudi karibu pale ulipoanzia. Mwaka 2012 wataalamu walijumlisha tafiti nyingi za namna hiyo kutoka nchi mbalimbali. Kwa mnyoo wa mviringo, kama shule ilikuwa na watoto 100 wenye minyoo kabla ya dawa, baada ya miezi 3 walirudi kuwa 26, baada ya miezi 6 wakawa 68, na mwaka ulipotimia wakafika 94.

Hapo ndipo ratiba ya dawa inapopata maana yake. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wapewe dawa mara moja kwa mwaka katika maeneo ambayo angalau mtoto mmoja kati ya watano ana minyoo, na mara mbili kwa mwaka pale ambapo zaidi ya nusu wanayo. Tanzania, watoto wa chini ya miaka 5 hupewa dawa ya minyoo pamoja na matone ya vitamini A, Juni na Desemba. Kenya hufanya hivyo katika wiki za Malezi Bora, Mei na Novemba. Wanaosoma hupewa shuleni. Lengo la kurudia siyo kuhakikisha kwamba mtoto hatakuwa na mnyoo kabisa. Ni kuwatoa kabla hawajawa wengi kiasi cha kumnyang'anya chakula na damu, kwa sababu madhara hutegemea idadi. Mtoto mwenye minyoo wawili watatu huenda asionyeshe dalili yoyote.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Mtoto wa mwaka 1 hadi kabla hajatimiza miaka 2 hupewa albendazoli miligramu 200, yaani nusu ya kidonge cha 400. Kuanzia miaka 2 hupewa kidonge kizima cha miligramu 400, mara moja tu. Mebendazoli ya dozi moja ni miligramu 500. Aliye chini ya mwaka mmoja hayumo katika kampeni hizi. Mtoto mdogo asagiwe kidonge na kuchanganyiwa na maji kidogo, wala asibanwe pua na kulazimishwa akiwa analia, maana wapo waliopaliwa wakafa kwa sababu hiyo. Hakuna haja ya kumlaza na njaa wala kumwendesha baadaye. Na asipoonekana mnyoo kwenye choo, hiyo si dalili ya dawa mbovu, kwani wengine ni wadogo mno kuonekana na wengine humeng'enywa wakishakufa.

Dalili ambazo wazazi wengi huzitegemea, kama kusaga meno usiku au kutokwa na udenda, haziaminiki. Wala pipi na sukari hazileti minyoo, kwa kuwa ndani ya sukari hakuna yai. Zinazofaa kuangaliwa ni tumbo lililojaa huku mikono na miguu ikiwa myembamba, maumivu ya tumbo yanayokuja na kupotea, kukosa hamu ya kula, na uzito usiopanda kwenye kadi ya kliniki. Iko moja ambayo haingoji. Mtoto akitapika mfululizo, tumbo likawa gumu na kujaa, na hapati choo wala kutoa hewa, huenda minyoo wamejifunga fundo na kuziba utumbo. Huyo asipewe dawa ya minyoo nyumbani. Akimbizwe hospitali saa hiyohiyo.

Mnyoo wa safura ana njia nyingine. Mayai yake huanguliwa kwenye udongo ndani ya siku moja mbili, na baada ya wiki moja hivi lava huweza kupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Akifika tumboni hung'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Kila mmoja hunyonya kidogo sana, lakini mamia yao mwaka mzima humaliza damu ya mtoto. Dalili yake ni weupe wa viganja na wa sehemu ya ndani ya kope, uchovu, na wakati mwingine hamu ya kula udongo, ambayo nayo humwingizia mayai ya minyoo wengine. Mtoto kama huyu anahitaji kupimwa damu na kupewa madini ya chuma, kwa maana kumtoa minyoo hakurudishi damu iliyokwenda. Mnyoo mjeledi, anayejichomeka kwenye utumbo mpana, ndiye anayeishinda dozi moja mara nyingi zaidi. Mtoto anayeendelea kuharisha makamasi yenye damu baada ya dawa, au ambaye utumbo unatokeza nje anapojisaidia, apelekwe zahanati apimwe choo, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya siku 3.

Basi kazi kubwa iko uani, na inaanza na kinyesi cha mtoto mdogo. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba choo cha mtoto hakina ubaya, kwa hiyo hufukiwa juujuu au hutupwa migombani. Kumbe watoto ndio wanaobeba minyoo wa mviringo wengi zaidi katika nyumba. Kama yule mtoto wetu wa miaka 4 angekuwa anajisaidia kwenye kopo, na mama akalimwaga kwenye choo cha shimo kila mara, yale mayai ya Agosti hadi Desemba yasingepata udongo wa kukomaa. Jembe linalotumika kuzoa kinyesi liwe la kazi hiyo tu.

Kunawa mikono nako kuna ukweli wake unaopaswa kusemwa wazi. Sabuni haiui yai la mnyoo. Hulibandua kwenye ngozi, na maji yanayotiririka ndiyo yanayoliondoa. Ndiyo sababu beseni moja la kunawia watu sita halifai, na kibuyu chirizi kilichotundikwa karibu na choo, kwa lita chache tu za maji, hufanya kazi bora zaidi. Kucha ndefu hubaki na mayai hata mikono ikinawiwa. Chumvi, siki na dawa ya klorini ya maji haviui mayai hayo; kuchemsha na kupika ndiko kunakoyaua. Matunda yaoshwe kwa maji yanayotiririka, yanayomenyeka yamenywe, na mboga za majani zipikwe. Kandambili miguuni zinamzuia safura, ingawa mtoto anayekaa chini na kutambaa bado amegusa udongo.

Aina moja tu haihitaji udongo kabisa, nayo ni vinyoo uzi vinavyomfanya mtoto ajikune sehemu ya haja kubwa usiku. Jike hutoka usiku kutaga hapo nje, na mayai huwa tayari ndani ya saa chache, yakihamia kwenye kucha, shuka na watoto wanaolala kitanda kimoja. Kwa hivyo wote wa nyumba hiyo hupewa dawa siku moja, isipokuwa mjamzito na mtoto wa chini ya mwaka mmoja, ambao humwona mhudumu wa afya kwanza. Asubuhi mtoto huoshwa sehemu hiyo na kubadilishwa chupi, na mashuka hufuliwa bila kukung'utwa. Dozi hurudiwa baada ya wiki 2, kwa sababu ile ya kwanza huua minyoo waliopo na kuyaacha mayai, na kufikia siku hiyo yaliyomezwa yatakuwa yameshaanguliwa.