Je, Wajua? Ami ndiye mwamuzi

Katika mti mwekundu-mweusi, namba mpya huingia ikiwa nyekundu, na ni mwiko mzazi mwekundu kuwa na mtoto mwekundu. Mwiko ukivunjwa, tazama rangi ya ami, yaani ndugu wa mzazi.

Ingiza 10, 20, kisha 30. Zile 20 na 30 ni nyekundu, na nafasi ya ami ni tupu. Tupu huhesabiwa nyeusi. Basi zungusha: 20 inapanda juu ikiwa nyeusi, 10 inashuka ikiwa nyekundu.

Sasa ingiza 40 chini ya 30. Ami ni 10, nyekundu. Hapa hakuna kuzungusha: 10 na 30 zinapakwa nyeusi, babu 20 nyekundu. Kwa kuwa 20 ni mzizi, inarudishiwa weusi. Isingekuwa mzizi, mgogoro ungeweza kupanda juu. Mizunguko, hata hivyo, haizidi miwili.