Je, Wajua? Ritifaa Moja Inavyomgeuza Mteja Ng'ombe

Je, wajua kuwa karani wa mfanyabiashara wa mifugo pale Balangdalalu, Hanang, anaweza kumtukana mnunuzi wa Nairobi bila kukusudia? Akiandika kwenye barua pepe "You're cows are ready", maneno mawili ya mwanzo yanasomeka "Ninyi ni ng'ombe". Alichotaka kusema ni "Your cows are ready", yaani ng'ombe wako wako tayari.

Je, wajua kuwa ritifaa ya "ng'ombe" na ya "you're" hazifanyi kazi moja? Katika "ng'ombe" inaonyesha sauti. Katika "you're" inaonyesha kwamba herufi imeondolewa: "you are" imekatwa "a". Hata sisi tunakata hivyo tukiandika "n'takuja" badala ya "nitakuja".

Je, wajua kuwa Kiswahili chako chatosha kuamua? Sema sentensi yako kwa Kiswahili kwanza. Ukisikia -ako au -enu, andika "your": kibali chako, "your permit". Ukisikia "wewe ni", "unakaribishwa" au "unakuja", andika "you're": "You're welcome to see them on Monday."

Je, wajua kuwa kipimo hichohicho kinamaliza ubishi wa "whose" na "who's"? "Alama ya nani iko kwenye ngozi ya huyu fahali?" ni "Whose brand is on this bull?", kwa sababu unauliza mwenye mali. "Nani analipia lori?" ni "Who's paying for the truck?", kwa sababu unauliza mtendaji.

Je, wajua kuwa "who's" ina maana mbili? Huwa "who is", lakini pia huwa "who has": "Who's signed the permit?" ni kuuliza nani ameshasaini. "You're" haina uhuru huo. "You have" hufupishwa "you've".

Je, wajua kuwa "whose" haibagui mtu na mnyama? "The bull whose horn is broken" ni Kiingereza safi: fahali ambaye pembe yake imevunjika. Ukiweka "who's" hapo, sentensi inaharibika.

Je, wajua kwa nini kompyuta huliacha kosa hili lipite? Kikagua tahajia cha kawaida hutazama kama neno lipo katika kamusi, na yote manne yamo. Vikagua sarufi huligundua mara nyingine, si kila mara.

Je, wajua kuwa ukaguzi wa mwisho hauchukui muda mrefu? Kwa barua ndefu, inakili kwenye Word, bonyeza Ctrl+F, andika `you're`, kisha kila inapotokea isome "you are". Isipoleta maana, andika "your". Fanya vivyo hivyo kwa `who's`, ukijaribu "who is" kisha "who has"; zote zisipoleta maana, andika "whose". Halafu tafuta `your` na `whose`: pale ambapo "you are", "who is" au "who has" inaleta maana, andika "you're" au "who's".